Salamu isiyopitwa na saa: namna ya kuwaandikia walio mbali bila kukosea asubuhi yao

Mimi ni katibu katika nyumba ya biashara ya vipuri vya magari hapa Lubumbashi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika ujumbe mmoja unaosomwa na watu wanne walio katika miji minne. Mkubwa wetu yuko Kinshasa. Wakala wetu wa forodha yuko Dar es Salaam, ambako makontena yetu hushushwa bandarini kabla ya kupanda malori yanayopita Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Ndugu anayetununulia bidhaa yuko Guangzhou, na mshirika wetu mwenye hisa yuko Montreal. Wote wanne wanasoma Kiswahili, na kwa sababu hiyo nilidhani kwa muda mrefu kwamba wanasoma kitu kimoja.

Tuanze na ujumbe ambao mtu wa Lubumbashi angeweza kuuandika bila wasiwasi wowote. Tuseme ni Jumatano tarehe 11 Machi 2026, saa 16:40, jua limeanza kushuka na kazi inakaribia kufungwa:

«Habari za jioni, wapendwa. Poleni na kazi ya leo. Naomba karatasi za kontena zinifikie kesho kabla ya saa kumi. Usiku mwema.»

Hakuna kosa la sarufi hapo, na adabu ipo. Hata hivyo, sentensi ya tatu inaweza kueleweka kwa namna tano, na salamu haimfai hata mmoja wa wasomaji wawili walio mbali zaidi. Nitaupitia ujumbe huu neno kwa neno, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mezani kwangu kabla ya kutuma.

Hatua ya kwanza: jiulize kila neno la wakati ni la nani

Ujumbe una nyakati tatu: wakati wa kuandikwa, wakati wa kufika na wakati wa kufunguliwa. Wa kwanza unaujua wewe. Wa pili hukadiriwa na mashine, kwani barua pepe hubeba muhuri uliofichwa wa saa ya kutumwa, unaofanana na huu:

```
Date: Wed, 11 Mar 2026 16:40:00 +0200
```

Ile `+0200` mwishoni ni saa ya Lubumbashi, yaani saa mbili mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Simu ya msomaji huuchukua muhuri huo na kuugeuza kuwa saa ya kwake, hivi kwamba msomaji wa Montreal ataona 10:40 na yule wa Guangzhou ataona 22:40. Mashine hugeuza muhuri peke yake. Haigusi maneno yako, na «jioni» uliyoiandika itabaki «jioni» kwa msomaji ambaye chai yake ya asubuhi haijapoa.

Wakati wa tatu, ule wa kufunguliwa, haujulikani na yeyote. Wengi hufikiri kwamba dawa ni kupiga hesabu: Guangzhou iko saa sita mbele, basi nitamwandikia «habari za usiku». Hesabu hiyo inakupa saa ya kufika tu. Ndugu yetu wa Guangzhou huenda amelala na atafungua simu kesho yake saa moja baada ya jua kuchomoza. Mkubwa wa Kinshasa huenda yuko kikaoni. Wakala huenda mega zake zimekwisha, nasi watu wa Lubumbashi tunajua pia umeme ukikatika barua inaweza kukaa siku mbili kabla ya mtu kuwasha kompyuta.

Kwa hiyo swali si «huko ni saa ngapi sasa?» Swali ni: neno hili linasimama juu ya saa ya nani? Neno linalosimama juu ya saa ya mwandishi, likisema wazi kwamba ni saa ya mwandishi, halichakai. Neno lisilosimama juu ya saa yoyote halichakai pia. Neno linalodai kujua saa ya msomaji ndilo linaloharibika njiani.

Hatua ya pili: salamu ya kufungulia

«Habari za asubuhi», «habari za mchana», «habari za jioni», «umeamkaje» na «umeshindaje» ni salamu za uso kwa uso. Zilizaliwa mlangoni na njiani, ambako wawili wanaosalimiana wanaliona jua moja. Sisi wa Kongo tuna mtego wa ziada, kwa kuwa salamu ya Kifaransa ya jioni huku huanza kutumika mara tu baada ya adhuhuri. Anayeitumia saa 13:00 haoni ajabu, lakini msomaji wa Ulaya au wa Kanada atafikiri ujumbe umechelewa kumfikia.

Kiswahili kina hazina ya salamu zisizouliza saa, na nadhani tunazitumia kidogo mno katika barua. «Jambo», ambayo huku kwetu husemwa kwa mkubwa na mdogo, haina asubuhi wala usiku: «Jambo Papa», «Jambo Mama». «Hujambo» na «hamjambo» ni hivyo hivyo. «Salamu kutoka Lubumbashi» hutaja mahali badala ya saa, na humkumbusha msomaji ujumbe unatoka wapi kabla hajaanza kuusoma. «Natumaini ujumbe huu unakukuta salama» imejengwa juu ya wakati wa kufungua wenyewe, maana «unakukuta» ni wakati wowote utakapomkuta. Kwa mzee wa Dar es Salaam, «shikamoo» ni sahihi saa zote, ingawa kwa Papa wa Lubumbashi ambaye hakuizoea ningebaki na «jambo» pamoja na cheo chake. Kwa Mwislamu, «assalaam alaykum» haina saa.

Angalia pia salamu zinazobeba siku kwa siri. «Poleni na kazi ya leo» na «habari za kazi» hudhani kwamba msomaji ametoka kazini au yuko kazini, na zikifunguliwa Jumapili baada ya ibada hukaa vibaya. «Habari za siku nyingi» haina tatizo hilo, kwa sababu inapima muda tangu mlipoachana.

Je, jioni isitajwe kabisa? Hapana, itaje, ila iwe yako. «Ninawaandikia jioni ya Jumatano hapa Lubumbashi, mvua imetoka kunyesha» ni sentensi ambayo itakuwa kweli hata ikisomwa mwezi ujao. Ina joto la mtu aliyekaa mahali fulani akiandika, jambo ambalo salamu kavu hukosa. Mimi huiona kuwa bora kuliko zote, na huitumia kila ninapoandika kwa mtu ninayemjali.

Kuna hali moja ambapo salamu ya saa inafaa kwa msomaji: pale anapokujibu papo hapo. Akishajibu ndani ya dakika mbili tatu, unajua yuko macho na unajua saa yake, nawe unaweza kusema «Asante kwa kunijibu mapema, naona huko kwenu bado ni asubuhi». Hapo saa ni ya kwake. Usimwambie «habari za jioni» kwa sababu tu taa za kwako zimewashwa.

Ujumbe wa sauti wa `WhatsApp`, ambao hapa mjini wengi wanaupenda kuliko kuandika, una hatari zaidi, kwa sababu mdomo husalimia kwa mazoea. Kabla ya kubonyeza kitufe, amua neno la kwanza. Ukianza na «ni mimi, ninasema Jumatano jioni kutoka Lubumbashi», umeshapona.

Hatua ya tatu: ondoa «leo» na «kesho»

Ndugu wa Guangzhou aliyefungua ujumbe wetu Alhamisi asubuhi anasoma «kesho» na kuona Ijumaa. Hana hatia. Neno «kesho» hupimwa kutoka pale msomaji aliposimama, isipokuwa msomaji akumbuke kuangalia muhuri wa juu, na wengi hawakumbuki. «Jana», «juzi», «wiki hii», «wiki ijayo», «baada ya siku mbili» na «hivi punde» zote ni za ukoo huo.

Andika jina la siku, tarehe, mwezi kwa jina, na mwaka ikiwa jambo ni la karibu na Desemba. Jina la siku na tarehe vikae pamoja, kwa sababu kimoja humlinda mwenzake: ukikosea kimoja, msomaji ataona havikubaliani na atakuuliza. Mwezi uandikwe kwa herufi, kwa maana `05/06` kwetu ni tarehe tano mwezi wa sita, na kwa Mmarekani ni tarehe sita mwezi wa tano.

Hapa kuna jambo ambalo ni letu hasa. Katika mazungumzo ya Lubumbashi na ya Kivu wengi huhesabu siku kuanzia mwanzo wa kazi, hivyo «siku ya tatu» au «kazi tatu» ni Jumatano. Kwa mtu wa Dar es Salaam, tatu inayosikika katika jina la siku ni ile ya Jumatatu. Kuna umbali wa siku mbili kati yao, na wote wawili watakuwa na hakika. Katika barua inayovuka mpaka, tumia majina ya kawaida: Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Usiku nao una mwenyewe. Kwa desturi ya pwani, ambako siku mpya huanza jua linapozama, «usiku wa Ijumaa» unaweza kuwa ule unaofuata Alhamisi mchana. Ukiandika «mwisho ni usiku wa manane wa Ijumaa», kuna wasomaji watakaowahi siku nzima na wengine watakaochelewa siku nzima. Kwa mwisho wa muda, usitumie usiku wa manane kamwe. Andika 23:00, au bora zaidi uchague saa ya mchana.

Hatua ya nne: saa, ambayo ndiyo hutuumiza zaidi

Mtu wa Dar es Salaam huhesabu saa tangu jua kuchomoza: saa moja asubuhi ni 07:00, saa nne asubuhi ni 10:00, saa kumi jioni ni 16:00. Sisi wa Kongo, ambao tulizisoma saa shuleni kwa Kifaransa, wengi wetu tunaposema «saa kumi» kwa Kiswahili tunamaanisha kumi ya kwenye uso wa saa, yaani 10:00. Lugha ni moja, neno ni moja, na kati yetu kuna saa sita.

Nilipoanza kazi hii nilimwandikia wakala fulani wa Dar es Salaam kwamba lori litapakiwa saa kumi, nikamtakia asubuhi njema. Alifika alasiri, akiwa amewahi kwa hesabu yake, akakuta dereva amekwisha kuondoka na karatasi zimebaki. Alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, nami nilijiona nimedhulumiwa vile vile. Tulibishana kwa muda kabla ya mmoja wetu kuuliza, «Saa kumi ipi?»

Wengi wakishagundua hili hukimbilia tarakimu: wanaandika «saa 10:00» na kuamini kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Mtanzania akiona «saa 10:00» anaweza kabisa kuisoma «saa kumi», kwa sababu huko hata tarakimu huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya Kiswahili, kama vile «saa 10:00 jioni». Kinachoamua ni sehemu ya siku. «Saa 10:00 asubuhi» itamshtua, kwa kuwa kwake saa kumi haiwi asubuhi ya kazini, naye atatambua kwamba unatumia saa ya kimataifa. Lakini «saa 11:00 asubuhi» haitamshtua, kwani «saa kumi na moja asubuhi» kwake ipo na ni 05:00, wakati watu wa mapema wanaamka. Kuanzia 13:00 kwenda juu hakuna shida, maana hesabu ya Kiswahili haivuki kumi na mbili.

Kwa hiyo kwa msomaji wa Afrika Mashariki mimi huandika saa mara mbili: tarakimu za saa ishirini na nne, kisha maneno kwa hesabu yake. «11:00, yaani saa tano asubuhi kwa Dar es Salaam.» Inaonekana ndefu, lakini ni maneno machache yanayookoa siku ya kazi.

Hatua ya tano: taja mji, usitaje herufi

Saa isiyo na mji ni nusu ya saa. Andika «kwa saa za Lubumbashi», na usiishie kuandika «saa za Kongo», kwa kuwa Kongo ina saa mbili: Kinshasa na magharibi wako saa moja nyuma yetu, wakati Lubumbashi, Goma na Bukavu ziko pamoja. Hili huleta kosa la kimya. Katika simu na kompyuta kuna `Africa/Kinshasa` na kuna `Africa/Lubumbashi`, na mtu wa huku akichagua ya kwanza kwa kuwa ni mji mkuu, kisha akaisogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya ukutani, kioo chake kitaonyesha saa sahihi huku mihuri na miadi yake yote ikienda na kosa la saa moja. Utajua una tatizo hili ukiona kwamba barua uliyotumiwa na jirani yako dakika hii inaonyesha kana kwamba ilitumwa saa moja iliyopita. Fungua mipangilio, chagua Lubumbashi, kisha uache saa ijirekebishe yenyewe.

Vifupisho vya herufi navyo viepuke. `CST` kwa mtu wa Guangzhou ni saa ya China, na kwa mtu wa Chicago ni saa ya katikati ya Marekani. Jina la mji halina pacha wa namna hiyo.

Lubumbashi, Kinshasa, Dar es Salaam na Guangzhou hazibadilishi saa mwaka mzima. Guangzhou iko saa sita mbele yetu na Dar es Salaam saa moja mbele, wakati wote. Montreal na Brussels hubadilisha, na hazibadilishi siku moja. Katika mwaka 2026, Montreal inasogeza saa mbele Jumapili tarehe 8 Machi na kuirudisha tarehe 1 Novemba, ilhali Brussels inasogeza tarehe 29 Machi na kuirudisha tarehe 25 Oktoba. Montreal iko nyuma yetu kwa saa saba katika majira yao ya baridi na saa sita katika majira ya joto. Brussels iko nyuma kwa saa moja, kisha inalingana nasi. Ujumbe wetu wa tarehe 11 Machi umeangukia katika wiki zile tatu ambazo Montreal imeshabadilika na Brussels bado, na mtu aliyezoea «Montreal ni saa saba» angekosea bila kujua. Katika wiki hizo usitegemee kumbukumbu. Fungua saa ya dunia kwenye simu, uweke miji yako yote, na usome.

Ujumbe ule ule, ukiandikwa upya

Sasa tunaweza kuona sentensi yetu ilivyosomwa. Mwandishi alitaka Alhamisi saa 10:00 ya Lubumbashi. Mkubwa wa Kinshasa alisoma saa 10:00 ya Kinshasa, ambayo ni 11:00 kwetu. Wakala wa Dar es Salaam alisoma saa kumi jioni, ambayo ni 15:00 kwetu. Mshirika wa Montreal alisoma saa 10:00 ya kwake, ambayo ni 16:00 kwetu. Ndugu wa Guangzhou, aliyefungua Alhamisi na kuona «kesho», alisoma Ijumaa saa 10:00 ya kwake, ambayo ni saa 04:00 ya usiku wetu wa kuamkia Ijumaa. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna saa kumi na nane, na hakuna aliyezembea.

Mimi ningeuandika hivi. Mstari wa kichwa ubebe tarehe, kwa sababu ndio unaosomwa kwanza, na wakati mwingine ndio pekee unaosomwa:

«Karatasi za kontena: mwisho Alhamisi 12 Machi, 10:00 Lubumbashi

Wapendwa wote, salamu kutoka Lubumbashi. Natumaini ujumbe huu unawakuta salama. Ninawaandikia jioni ya Jumatano tarehe 11 Machi 2026.

Naomba hati ya shehena, ankara na orodha ya mizigo zinifikie kabla ya Alhamisi tarehe 12 Machi 2026, saa 10:00 asubuhi kwa saa za Lubumbashi. Wakati huo ni 09:00 asubuhi Kinshasa. 11:00 Dar es Salaam, yaani saa tano asubuhi. 16:00 alasiri Guangzhou. Na 04:00 alfajiri Montreal.

Ukifungua ujumbe huu baada ya wakati huo, tafadhali nitumie ulichonacho mara uusomapo, kisha unipigie simu.

Kwa heshima, na tuzidi kuwasiliana.»

Jambo moja hujitokeza mara tu saa za miji zinapoandikwa zikipangwa pamoja: saa ya Montreal ni 04:00. Ombi letu la kwanza lilificha kwamba tulikuwa tukimtaka mtu afanye kazi alfajiri. Sasa tunaliona, na tunaweza kuongeza mstari wa kumwambia kwamba kwake inatosha kutuma Jumatano kabla ya kulala, au kumwondolea sharti hilo ikiwa karatasi yake si ya haraka. Ndiyo maana ninaandika saa za kila mmoja hata kama zingeweza kutafutwa: hesabu ifanywe mara moja na anayeomba, isifanywe mara nne na wanaoombwa.

Ukiwa na wasomaji kumi na watano katika miji kumi, usiandike miji yote. Andika saa ya Lubumbashi na saa ya UTC, ambayo daima ni saa mbili nyuma yetu, kisha uongeze tu mji wa yule ambaye kuchelewa kwake kutasimamisha kazi.

Sentensi inayoanza na «ukifungua ujumbe huu baada ya wakati huo» naipenda kuliko nyingine zote katika barua hiyo. Inakubali waziwazi kwamba mwandishi hajui saa ya kufunguliwa, na inampa njia msomaji aliyechelewa, ambaye bila hiyo angeona haya na kunyamaza.

Kuaga, na heri za sikukuu

«Usiku mwema», «lala salama», «siku njema» na «mwisho mwema wa wiki» zina ugonjwa ule ule wa salamu za kufungulia, na mara nyingi mtu aliyejihadhari mwanzoni husahau hapa kwa sababu amechoka. «Kwa heshima», «wako katika kazi», «ubaki salama» na «tuzidi kuwasiliana» zinatosha.

Kwa mwaka mpya, kumbuka kwamba Guangzhou inauingia wakati kwetu ni saa 18:00 ya tarehe 31 Desemba, na Montreal wakati kwetu ni saa 07:00 ya tarehe 1 Januari. «Leo tumeuanza mwaka» itakuwa uongo kwa mmoja wao. «Mwaka 2027 ukuletee amani na afya» inaweza kutumwa siku tatu kabla au siku tano baada, na haimkosi mtu. Siku ya kuzaliwa nayo ni ya mji wa mwenye kuzaliwa: kwa ndugu wa Guangzhou, ukingoja hadi asubuhi ya Lubumbashi, siku yake imeshafika mchana.

Ukishakosea

Katika `WhatsApp` unaweza kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15. Rekebisho hilo linamsaidia ambaye hajausoma; aliyekwisha kuusoma hana sababu ya kurudi kuutazama, hivyo mwandikie tena. Barua pepe iliyokwenda hairudi.

Usahihisho wako usiwe «samahani, nilimaanisha kesho kutwa», kwa maana unaongeza neno la pili lenye ugonjwa juu ya la kwanza. Uandike upya jambo zima, ukitaja lipi linafutwa: «Katika ujumbe wangu wa Jumatano tarehe 11 Machi niliandika “kesho kabla ya saa kumi”. Tafadhali futeni hilo. Mwisho ni Alhamisi tarehe 12 Machi 2026, saa 10:00 asubuhi kwa saa za Lubumbashi.» Kisha mpigie simu yule wa Dar es Salaam, na umtamkie saa kwa hesabu yake.